Nauli za kupelekewa mzigo zinabadilika kuanzia tarehe 1 Agosti

Wateja wetu wapendwa wa duka la nafaka, Sinza Kijiweni,

Hadi sasa mzigo mdogo tumekuwa tukiupeleka kwa shilingi 4,000, uwe unaishia Mwenge au Chanika. Haikuwa haki. Wa Mwenge alikuwa anamlipia wa Chanika bila kujua, na bodaboda wetu walikuwa wanazikwepa safari za mbali, mteja anasubiri hadi jioni. Hilo limetuuma, na tunawaomba radhi mliocheleweshwa.

Sasa nauli itafuata umbali wa barabara kutoka dukani:

Kanda ya 1, hadi kilomita 5 (Sinza, Mwenge, Kijitonyama, Ubungo): bodaboda 2,000, kirikuu 8,000.
Kanda ya 2, hadi kilomita 12 (Kariakoo, Posta, Tabata, Kimara, Kawe): bodaboda 4,000, kirikuu 15,000.
Kanda ya 3, hadi kilomita 18 (Tegeta, Mbezi Mwisho): bodaboda 7,000, kirikuu 25,000.
Kanda ya 4, zaidi ya hapo (Mbagala, Gongo la Mboto, Bunju, Chanika), pamoja na Kigamboni yote: bodaboda 10,000, kirikuu 35,000. Kwa Kigamboni, tozo ya daraja au pantoni imo humo humo.

Bodaboda anabeba mwisho kilo 40. Ukizidi hapo mzigo unapanda kirikuu, maana gunia likidondoka barabarani hasara ni ya wote.

Tuchukue mchele kilo 5 kwa 3,000 kila kilo, yaani 15,000. Ukiwa Mwenge utalipa jumla 17,000. Zamani ulilipa 19,000. Ukiwa Tegeta itafika 22,000, na tunajua hiyo nauli ni nzito kwa mchele wa siku chache. Ushauri wetu: agizeni pamoja na majirani. Mizigo ikishuka mlango mmoja, nauli ni moja, mgawane wenyewe.

Agizo la 300,000 na kuendelea, nusu ya nauli tunailipa sisi, kanda yoyote. Mama lishe wa Mbagala akichukua mchele kilo 100 kwa bei ya jumla ya 2,800, ni 280,000. Aongeze maharage kilo 25 kwa 3,000, ni 75,000. Bidhaa 355,000, kirikuu 35,000, yeye analipa 17,500 tu. Jumla 372,500. Zamani mizigo kama hii tulikuwa tunapatana kwa simu, kila mtu na bei yake, hilo limekwisha.

Aliyelipia kabla ya tarehe 1 atapelekewa kwa nauli ya zamani. Kama mtaa wako hauko hapo juu, tutumie lokesheni kwenye namba ile ile ya Wasapu unayoagizia, tutakuambia kanda yako kabla hujalipa. Dereva asikudai zaidi ya nauli iliyoandikwa kwenye risiti. Akidai, usimpe, tupigie hapo hapo.

Uongozi wa duka