Vipimo vya labo: viwango vya kawaida na maana ya jibu la juu au la chini
Karatasi ya staji kwa wanafunzi wa uuguzi, Bukavu

Viwango hivi ni vya mtu mzima, isipokuwa pale mtoto au mjamzito ametajwa. Kila labo ina mashine yake: ikiwa karatasi ya jibu imechapwa viwango pembeni, fuata hivyo. Kabla hujaandika "juu" au "chini", soma jina na kitanda, saa damu ilipotolewa, na kizio. Glukozi ya mmol/l zidisha kwa 18 upate mg/dl. Kreatinini ya µmol/l gawanya kwa 88,4. Vitabu vya nchi jirani vinavyotumia Kiingereza huandika nitrojeni ya urea (BUN). Zidisha kwa 2,14 ndipo uilinganishe na urea inayoandikwa na labo zetu.

DAMU NZIMA (tubu ya zambarau)

Hemoglobini: mwanaume 13–17 g/dl, mwanamke 12–16, mjamzito angalau 11, mtoto wa miezi 6 hadi 59 angalau 11.
Hematokriti: mwanaume 40–50 %, mwanamke 36–46 %. Kwa kawaida ni karibu mara 3 ya hemoglobini. Hemoglobini 9 na hematokriti 39 haviendi pamoja: omba kipimo kirudiwe.

Mipaka hii ya upungufu wa damu imewekwa kwa watu wa usawa wa bahari. Bukavu na Goma ziko karibu mita 1 500 juu, na Lubumbashi karibu 1 200. Hewa ikiwa nyepesi, mwili huongeza chembe nyekundu. Kwa hiyo mama mjamzito mwenye 11,2 hapa anaweza kuwa na upungufu wa damu, wakati mwenye 11,2 kule Matadi hana.

Chini: malaria, minyoo, ukosefu wa chuma, siklemia, kuvuja damu. Mtoto mwenye 4 g/dl au chini anahitaji damu. Kati ya 4 na 6, damu huamuliwa kwa dalili: kupumua kwa shida, fahamu kupungua, mshituko, moyo kushindwa. Angalia sana uzazi. Mama akivuja damu nyingi, hemoglobini yake hubaki nzuri saa za kwanza, kwa sababu anapoteza maji na chembe kwa pamoja; hushuka baada ya serumu kuingia. Mama mwenye 11 na mapigo 130 yuko hatarini. Amini mapigo.

Juu: mara nyingi ni ukosefu wa maji mwilini, kama kwa mgonjwa wa kipindupindu. Pia ugonjwa wa mapafu wa muda mrefu.

Chembe nyeupe: 4 000–10 000 kwa mm³. Juu: maambukizi ya bakteria, kuungua, dawa za kortizoni. Ujauzito na uchungu wa kuzaa pia huzipandisha bila ugonjwa. Chini: virusi, tifoidi, VVU, sumu ya dawa, na sepsisi kali, ambayo ndiyo mbaya zaidi. Waafrika wengi wazima wana neutrofili chache kwa asili; jibu la 3 500 kwa mtu asiye na homa halitoshi kumtangaza mgonjwa. Eozinofili zikipita 6 %, fikiria minyoo au alerji.

Plaketi: 150 000–400 000 kwa mm³. Malaria huzishusha mara nyingi, nazo hurudi baada ya matibabu. Chini ya 50 000, usichome sindano ya msuli bila kumuuliza daktari. Chini ya 20 000, tafuta damu kwenye fizi, mkojo na choo. Ikiwa zimeshuka ghafla na mgonjwa hana dalili, huenda damu iliganda kidogo ndani ya tubu: labo itazame lamu kwa hadubini.

SUKARI (tubu ya kijivu)

Kabla ya kula: 70–100 mg/dl. Ikiwa 126 au zaidi mara mbili, ni kisukari. Chini ya 70 ni hipoglisemi. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, tibu ikiwa chini ya 54. Malaria kali hula sukari, na kwinini huishusha zaidi, hasa kwa mjamzito. Mgonjwa wa malaria akianza kutetemeka au kupoteza fahamu, pima sukari kwanza, hata usiku.

Damu iliyokaa kwenye tubu nyekundu mezani huendelea kuliwa na chembe zake, ikipoteza sukari kila saa. Jibu la 48 la damu iliyosubiri tangu asubuhi halina maana. Usipuuze, pima upya kidoleni.

CHUMVI NA FIGO (tubu nyekundu)

Sodiamu 135–145 mmol/l. Chini: kutapika, kuharisha, serumu ya glukozi nyingi mno. Juu: kukosa maji. Zote mbili huchanganya akili na kuleta degedege.

Potasiamu 3,5–5,0 mmol/l. Chini: kuharisha, furosemidi. Hapo misuli hulegea, tumbo huvimba, moyo hupiga ovyo. Potasiamu ya ampuli haisukumwi kamwe moja kwa moja mshipani: inasimamisha moyo. Huyeyushwa kwenye serumu na kupita taratibu. Juu: figo kushindwa, misuli kupondeka, spironolaktoni. Lakini jibu la juu la uongo ni la kawaida sana, na linatokana na mikono yetu: garo iliyokazwa muda mrefu, mgonjwa aliyeambiwa afungue na kufunga ngumi, sindano nyembamba iliyovutwa kwa nguvu. Ukimwaga damu ya tubu ya zambarau kwenye nyekundu, potasiamu hupanda na kalisiamu hushuka pamoja. Ukiona hivyo, chukua damu mpya.

Kreatinini: mwanaume 0,7–1,3 mg/dl, mwanamke 0,6–1,1. Urea: 15–45 mg/dl. Urea ikipanda peke yake, fikiria ukosefu wa maji au damu tumboni. Zikipanda zote, hesabu mkojo wa saa 24 na mkumbushe daktari kuhusu jentamisini na tenofoviri.

INI NA KUGANDA KWA DAMU

ALAT na ASAT: hadi 40 U/l. Bilirubini yote: hadi 1,2 mg/dl, ya moja kwa moja hadi 0,3. Ikiwa sehemu isiyo ya moja kwa moja ndiyo iliyopanda, chembe nyekundu zinavunjika: siklemia, malaria. Mtoto mchanga ana viwango vyake, kwa saa za umri.

TP (tubu ya bluu, ijae hadi alama): 70–100 %. INR: 0,8–1,2. Hivi viwili huenda kinyume: TP ikishuka, INR hupanda, na hatari ya kuvuja damu huongezeka.

MALARIA

Gutepesi haina kiwango cha kawaida. Jibu ni hasi, au chanya pamoja na idadi ya vimelea. Hasi moja haitoshi ikiwa mgonjwa alishameza dawa nyumbani. Kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo hakitumiki kuhakiki kupona.

MKOJO NA MAJI YA UTI WA MGONGO

Protini kwa mjamzito aliyepita wiki 20, na presha 140/90 au zaidi: priklampsia, ita mara moja. Nitriti: bakteria.

Maji ya uti wa mgongo: hayana rangi, kama maji safi, chembe hadi 5 kwa mm³, protini 15–45 mg/dl, glukozi karibu theluthi mbili ya ile ya damu. Pima sukari ya damu kabla ya kuchoma, la sivyo hutakuwa na cha kulinganisha.

PIGA SIMU KWA DAKTARI WA ZAMU, USINGOJE ZIARA

Potasiamu chini ya 2,5 au juu ya 6. Sodiamu chini ya 120 au juu ya 160. Sukari chini ya 54 au juu ya 400. Hemoglobini ya mtoto chini ya 6. Plaketi chini ya 20 000. Maji ya uti wa mgongo yenye rangi ya maziwa. Soma namba, mwombe airudie, kisha andika kwenye faili saa, jina lake na agizo alilotoa.