Barua kwa Kadzo

Malindi,
Jumatano, 14 Mei 2025

Dada Kadzo,

Salamu nyingi. Watoto hawajambo? Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu haya si ya kutuma kwa simu, na kwenye grupu letu la kazini kila mtu yumo. Isome ukifika nyumbani, ukishatua. Huna haja ya kunijibu.

Jumatatu ya wiki iliyopita, tarehe 5, nilikuwa kwenye ujia wa orofa ya kwanza na taulo zangu, milango miwili tu kutoka chumba ulichokuwa ukitandika. Nilimwona mkubwa wetu wa zamu akizivuta shuka na kuzitupa chini, akakwambia uanze upya, na ilikuwa mara ya tatu. Nilisikia alivyoiga matamshi yako mbele ya yule kijana wa mafunzo. Nilisikia na alivyokuita. Neno lenyewe sitaliandika hapa. Wewe ukainama ukaziokota shuka. Mimi nikawa nakunja taulo zilizokwisha kukunjwa.

Sikusema kitu. Niliogopa. Kusi limeingia, wageni wamepungua, na sote tunajua orodha ya wanaoambiwa wakae nyumbani mpaka msimu urudi hupitia kwa nani. Hofu hiyo ni ya kweli, lakini siku ile ulikuwa peke yako na mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwako. Nisamehe, dadangu.

Usiku ule niliandika kwenye daftari: tarehe, saa, nambari ya chumba, na maneno yake vile vile alivyoyatamka. Nikaongeza ile asubuhi ya Aprili alipokusimamisha mbele yetu sote akauliza kama kwenu mnalalia vitanda. Wengine walicheka. Niliona mikono yako ikitetemeka nyuma ya aproni. Na ratiba nayo: Jumapili nne mfululizo umepangiwa asubuhi, na hakuna asiyejua kwamba wewe ni wa kwaya. Nimeipiga picha pale ilipobandikwa nje ya chumba cha dobi.

Ukiamua siku yoyote kulipeleka jambo hili kwa meneja, kwa chama cha wafanyakazi au kwa afisa wa leba, nitasema niliyoyaona, kwa jina langu na kwa sahihi yangu. Sitaongeza chumvi. Yale ya stoo uliyonisimulia sikuyaona kwa macho, na nikiulizwa nitajibu hivyo hivyo, wala usidhani nimekugeuka. Nataka kila nitakalolisema liwe halipingiki. Wengine waliokuwepo sitawataja. Wao wana vinywa vyao.

Nilisikia pia amekutishia barua ya onyo, ndiyo maana nikaitafuta Sheria ya Ajira ya 2007 nikaisoma. Kifungu cha 41 kinasema mwajiri anayefikiria kumwachisha mtu kazi kwa ajili ya mwenendo au utendaji wake lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo. Ikifika huko, Mungu aepushe, na ukataka mtu wa kukaa nawe ndani ya ile ofisi, niite mimi. Kifungu cha 46 nacho kinasema kulalamika si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Sisemi karatasi itazuia kila ubaya. Nakuambia tu ili usije ukaambiwa huna haki yoyote ukaamini.

Sasa Kadzo, haya yote ni yako. Wewe ndiwe unayejua karo, kodi, na ni kiasi gani moyo wako unaweza kubeba kwa sasa. Ukisema ngoja, nitangoja. Ukisema liishe, basi kwangu limeisha, na sitakuona mwoga wala sitakuuliza tena kila tukikutana. Sijamwambia mtu, na sitaenda popote nyuma ya mgongo wako. Daftari liko kwangu, chini ya nguo. Ukitaka nakala nitakuandikia, na ukitaka nizichane zile kurasa nitazichana mbele yako.

Jambo moja nitalifanya bila kukungoja, ila kama utanikataza: akikuonea tena nikiwa karibu, nitakuja nisimame pale pale ulipo. Sitagombana naye. Nitashika upande wa pili wa shuka tutandike.

Kesho mimi ni zamu ya mchana kama wewe. Nitakuwa pale tunapopandia tuktuk, saa sita kasorobo. Tunaweza kuongea habari za watoto njia nzima, au tukae kimya, vile utakavyojisikia.

Shoga yako,
Mwanajuma