Likizo yangu ya uzazi: fomu imebaki bila tarehe ya kuanza

Madam Akinyi, habari ya asubuhi.

Nimejaza fomu ya likizo ya baba yote isipokuwa sehemu moja, ile ya tarehe ya kuanza. Heri nikueleze mapema kuliko niandike tarehe ya kubahatisha halafu stoo ivurugike.

Skani aliyofanyiwa mke wangu inaonyesha 26 Novemba. Hesabu ya kliniki, kufuata hedhi ya mwisho, inasema 3 Desemba. Muuguzi ametuambia tusishikilie yoyote kati ya hizo mbili: kuanzia wiki ya 37, ambayo kwa skani ni 5 Novemba, mtoto anaweza kuja siku yoyote. Na kifungua mimba wetu alitangulia kwa siku 9, mimi nikiwa Busia na lori la mabati, kwa hivyo sasa sithubutu kubishana na muuguzi.

Ombi langu ni kwamba likizo ianze siku mtoto atakapozaliwa, iwe lini iwe. Nitachukua wiki 2 mfululizo, zile zenye mshahara kamili ambazo Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa. Nikianza 26 Novemba na mtoto akachelewa wiki nzima, nusu ya likizo itakuwa imeisha nikiwa nimekaa tu Kondele nikingoja.

Najua wakati wenyewe ni mbaya. Tuna kuhesabu stoku tarehe 29 na 30 Novemba, kisha Desemba watu wanarudi nyumbani kumalizia nyumba zao na saruji haikai rafuni. Kwa hivyo Wafula ameanza wiki hii kupokea lori pamoja nami na kusaini noti za mzigo. Upande wa saruji na mabati anaumudu. Rangi na vifaa vya mabomba bado anachanganya saizi, lakini nitakaa naye hapo hadi kabla ya 5 Novemba. Kuanzia siku hiyo kitabu cha stoo kitafungwa kila jioni hesabu ikiwa imekamilika, ili hata nikiondoka usiku asianze na viporo vyangu. Funguo za akiba naomba zikae kwako.

Uchungu ukianza nitakupigia simu, hata kama ni saa tisa usiku. Usipopokea nitaacha ujumbe, kisha nimpigie Wafula. Ikiwa daktari ataamua kumwanzishia uchungu, tutakuwa na tarehe kamili na nitakuletea siku hiyo hiyo.

Safari ya Siaya ya 20 Novemba tu ndiyo naomba apewe mtu mwingine. Za hapa mjini nitaendelea nazo.

Ukikubali, niambie niandike nini kwenye ile nafasi ya tarehe. Mimi ningependa "siku ya kujifungua", lakini sijui kama ofisi ya wafanyakazi itaipokea bila neno lako.

Asante, Madam.

Barasa
Stoo, dipo ya Kisumu
28 Oktoba