Karibuni Lindi: Ujumbe wa Mkuu wa Shule kwa Wanafunzi Wapya wa Kidato cha Tano

(Picha inafunguka: Mkuu wa Shule amesimama chini ya mwembe mbele ya ofisi ya utawala. Kengele ya shule, ambayo ni rimu kuukuu ya lori, inaonekana ikining'inia nyuma yake.)

Wanangu wapendwa, shikamooni wazazi na walezi mnaotazama pamoja nao, na hamjambo ninyi mliochaguliwa kujiunga na shule yetu ya wasichana hapa Lindi. Mimi ndiye mkuu wa shule hii, na nimeona ni vema mnisikie kabla hamjafunga matranka yenu.

Ninajua kwamba baadhi yenu, mlipoyaona majina yenu kwenye orodha na mbele yake pameandikwa Lindi, mlinyamaza kidogo. Aliyezaliwa Bukoba au Tarime akiambiwa aende kusini huhisi kana kwamba anapelekwa ukingoni mwa nchi. Sitawalaumu, kwa kuwa mimi mwenyewe nililia. Nilipangiwa kufundisha mkoani humu mwaka 1999, wakati Daraja la Mkapa lilikuwa bado halijafunguliwa, na basi letu lilisubiri pantoni pale Rufiji kuanzia asubuhi mpaka jua likawa la utosi. Mama mmoja wa Kilwa, ambaye hakunijua wala mimi sikumjua, alinimegea kipande cha mhogo wa kuchemsha, akaniuliza, "Mwanangu, unalia nini, kwani huko uendako hakuna watu?" Daraja lilifunguliwa mwaka 2003, nanyi mtalivuka kwa dakika chache tu, pengine mkiwa mmesinzia.

(Picha: bweni, vitanda vya ghorofa vimetandikwa, matroni anapita katikati.)

Watu wapo, na wanawasubiri. Kila mgeni ameshapangiwa dada wa Kidato cha Sita atakayemwonyesha bweni, bwalo, maktaba na mahali pa kuchotea maji, kisha atakaa naye meza moja kwa wiki mbili za kwanza. Usione haya kumwuliza jambo dogo, hata kama ni namna ya kufunga chandarua, kwa maana yeye naye mwaka jana aliuliza hilohilo. Matroni wetu analala ndani ya eneo la mabweni, na mlango wake unagongwa saa yoyote. Simu za mkononi haziruhusiwi shuleni, lakini kila Jumamosi na Jumapili mtapiga nyumbani kwa simu ya matroni. Kwa hiyo, mzazi, ihifadhi namba iliyo kwenye fomu ya kujiunga.

Kuhusu masomo nitasema machache, kwa sababu mwalimu wa taaluma atakuwa na siku yake. Tahasusi za sayansi si nyepesi, na mtihani wa kwanza wa ndani huwashtua wengi waliozoea alama za juu za Kidato cha Nne. Ukipata alama usiyoitarajia, nenda kwa mwalimu wa somo siku hiyohiyo, ukiwa na karatasi yako mkononi, badala ya kuificha chini ya godoro. (Magodoro yetu yameficha mengi, nami huyajua.)

Ninyi wa CBG mna bahati ya peke yenu. Katika mkoa huu kipo kilima cha Tendaguru, ambako kati ya mwaka 1909 na 1913 ilichimbwa mifupa ya dinosaria, ikabebwa vichwani na mabegani na wapagazi hadi bandari hii ya Lindi, kisha ikasafirishwa kwa meli kwenda Berlin, ambako kiunzi kizima kilichoungwa kwa mifupa hiyo kimesimamishwa kikiwa na kimo cha takribani mita 13. Mtakapochoka kusoma matabaka ya miamba kwenye daftari, kumbukeni kwamba mmelala jirani nayo.

(Picha inarudi kwa Mkuu wa Shule, safari hii ameketi.)

Mtatukuta mwezi Julai, mikorosho ikiwa imeanza kuchanua, na nje ya geti mtawaona akina mama wakiuza ming'oko ya kuchemsha. Msiipite kwa sababu hamuijui. Nunueni fungu moja, mmenye, mle na chumvi.

Anayesafiri kwa basi la mbali asimfuate mtu yeyote asiyemjua atakaposhuka stendi. Mwalimu wa zamu atakuwepo pale akiwa amevaa fulana ya kijani ya shule, pamoja na gari letu la kubebea mizigo, siku zote 3 za kuripoti, mpaka basi la mwisho lifike. Chakula cha jioni huliwa saa 12:30, na atakayechelewa njiani atakuta sahani yake imefunikwa mezani, na dada yake ameketi karibu nayo. Safari njema, wanangu. Karibuni sana.

(Kengele inagongwa mara tatu. Picha inafifia.)