Sera mpya ya likizo na mahudhurio, kuanzia 1 Julai 2026

Habari zenu wote wa tawi la Kariakoo,

Ile sera mpya imetoka, kurasa 14, kopi iko kaunta kwa keshia, najua wengi hamtaisoma ndo maana nawapa kwa ufupi. Inaanza Jumatano tarehe 1 Julai 2026.

Likizo ya mwaka ni siku 28 na wikiendi zinahesabiwa humohumo, fomu ilete wiki mbili kabla, sio unaniambia Ijumaa jioni kuwa kesho una basi la Mbeya. Uzazi siku 84, mapacha 100, akina baba siku 3. Msiba wa mzazi, mtoto au mwenza siku 4 zenye malipo. Ukiumwa lete cheti cha daktari, meseji ya "bosi kichwa kinauma" haitoshi tena.

Kuingia ni saa 2 kamili, dakika 15 za foleni ya mwendokasi nakuvumilia, zaidi ya hapo unaandikwa, mara tatu kwa mwezi unapata barua ya onyo. Na daftari kila mtu asaini mwenyewe jamani, mwezi jana mwandiko mmoja ulisaini watu wanne!

Maswali njooni ofisini.

Meneja wenu