Barua ya Kuomba Kazi ya Msaidizi wa Maktaba

Zoezi la uandishi.
Swali: Umeona tangazo la kazi ya saa chache kwa wiki inayomfaa mwanafunzi. Andika barua ya kuomba kazi hiyo. Eleza kwa nini unaitaka, umewahi kufanya nini kinachohusiana nayo na ni saa zipi unapatikana.

12 Mei 2025

Mkutubi Mkuu,
Maktaba ya Umma.

Ndugu Mkutubi,

YAH: MAOMBI YA KAZI YA SAA CHACHE, MSAIDIZI WA MAKTABA

Rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 17. Nimesoma tangazo lenu lililobandikwa kwenye ubao wa mlangoni, kwamba mnahitaji msaidizi wa kurudisha vitabu kwenye rafu, kuhudumia wasomaji mezani na kusaidia kipindi cha watoto siku ya Jumamosi. Naomba kazi hiyo.

Kwa mihula miwili nimekuwa nikitunza chumba cha kusomea cha shule yetu. Kina vitabu 600 na ushei, na tunavipanga kwa mfumo wa Dewey: 500 sayansi, 800 fasihi, 900 historia na jiografia, na kadhalika. Nilidhani kupanga vitabu ni kujua kuhesabu tu. Kisha mwanafunzi mwenzangu akaja siku tatu mfululizo kutafuta kitabu chembamba cha nadharia ya uhusianifu, chenye namba 530.11 mgongoni. Daftari lilionyesha kimerudi. Kwenye rafu hakikuonekana. Siku ya tatu nilipiga magoti nikapitia rafu nzima ya fizikia, kitabu kimoja baada ya kingine, nikakikuta kimesimama baada ya vitabu vya vipimo, vyenye 530.8. Nilikuwa nimekiweka pale mwenyewe. Niliona 11 ni kubwa kuliko 8, nikasahau kwamba hizo ni desimali: 530.11 inatangulia 530.8, kama vile 0.11 ilivyo ndogo kuliko 0.8.

Nilimwomba radhi yule mwenzangu, na alasiri hiyo nikaipanga upya rafu yote ya 500, kwa kuwa niliyekosea kimoja ningeweza kuwa nimekosea vingi. Nilikuta vingine vinne. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa napitia rafu moja kutoka mwanzo hadi mwisho nikisoma namba za migongoni, hata kama hakuna aliyelalamika. Nimeelewa kwamba kitabu kilichowekwa mahali pasipo pake ni sawa na kilichopotea, ila hiki kinauma zaidi, maana kiko chumba kilekile na anayekihitaji. Hiyo ndiyo sababu hasa ya kuitaka kazi hii. Nataka mtu akija na jina la kitabu mkononi, akipate.

Kuhusu vitabu vilivyochakaa, nimejifunza kidogo na bado najifunza. Mwanzoni nilikuwa nikibandika selotepu kwenye kurasa zilizochanika. Mwalimu anayesimamia chumba chetu alinifungulia kitabu kilichotengenezwa hivyo zamani: gundi ilikuwa imegeuka rangi ya manjano na kupenya kwenye maandishi, na selotepu yenyewe imebanduka. Sasa natumia ukanda wa karatasi nyembamba na gundi ya wanga, napaka kiasi kidogo kwa brashi, naweka karatasi ya nta juu na chini ili kurasa zisigandane, kisha nakilaza kitabu chini ya uzito mpaka kesho yake. Ni kazi ya kusubiri, nami naipenda. Hata hivyo kitabu cha thamani au cha kale nisingekigusa bila maelekezo yenu.

Tangazo linasema msaidizi awe na uwezo wa kuzungumza na wasomaji kwa Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili ndiyo lugha ninayoishi nayo. Kiingereza nimejifunza darasani, na nimekifanyia bidii, hasa yale maneno ambayo mtu wa mezani huyatumia kutwa nzima. Nitoe mfano mmoja. Kwa Kiswahili naweza kusema nimekuazima kitabu, na wewe ukasema umeazima kitabu kwangu. Kitenzi ni kilekile kwa anayetoa na anayepokea, na tunaelewana. Kiingereza kina vitenzi viwili tofauti, kimoja cha kila upande, na kwa muda mrefu niliwachanganya wasomaji wetu waliotumia Kiingereza. Nilimwambia mmoja kwamba sisi ndio tungechukua kitabu chake! Alinisahihisha kwa upole. Niliandika sentensi zote mbili kwenye kadi nikaibandika ndani ya jalada la daftari la waazimaji, na sasa sihitaji tena kuitazama.

Kipindi cha watoto kinanivutia sana. Nyumbani nina wadogo zangu wawili, mmoja wa miaka 6 na mwingine wa 8, na jioni huwa nawasomea. Nimegundua kwamba mtoto asiyetulia mara nyingi haoni picha. Kwa hiyo nakishika kitabu ubavuni mwangu, kurasa zikiwaelekea wao, nasoma kwa kuchungulia pembeni, na kabla ya kufungua ukurasa nasubiri kidogo wabahatishe kitakachofuata. Wakikosea siwakatizi, tunafungua tu tuone. Sijawahi kusomea kundi la watoto zaidi ya watano kwa mara moja, kwa hiyo ningeomba Jumamosi ya kwanza niketi nao nimwangalie anayeongoza.

Lipo jambo jingine ambalo sijawahi kulifanya, na ni vyema mlijue mapema. Chumba chetu hutumia daftari la mkono, na orodha ya vitabu niliyoiandika kwenye kompyuta ya shule ni jedwali la kawaida lenye jina la kitabu, mwandishi, namba ya Dewey na tarakimu 13 za ISBN. Mfumo wa kompyuta wa kuazimia vitabu, ule wa kusoma msimbo wa mistari, sijautumia. Naandika haraka kwenye kibodi na nina uhakika nitauzoea nikionyeshwa.

Napatikana Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni, na Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 7 mchana. Jumla ni saa 12 kwa wiki, kama tangazo linavyotaka. Masomo huisha saa 9 alasiri na ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka shuleni hadi kwenu, kwa hiyo sitachelewa. Kwa wiki mbili za mitihani ya mwisho wa muhula, mwezi wa Novemba, ningeomba nipunguziwe siku mbili kwa wiki. Ratiba ikitoka nitawaletea mara moja ili mpate muda wa kujipanga. Wakati wa likizo naweza kuongeza saa mkihitaji.

Nimezungumza na wazazi wangu, nao wameridhia kwa maandishi. Mwalimu wangu wa Kiingereza na mwalimu msimamizi wa chumba cha kusomea wamekubali kuulizwa kuhusu mwenendo na kazi yangu. Mawasiliano yao yamo kwenye wasifu.

Naweza kuja kwa usaili siku yoyote baada ya saa 9 alasiri. Mkipenda kunijaribu, nipeni toroli la vitabu vilivyorudishwa leo, nivipange mkiniangalia.

Wako mtiifu,

Zawadi

Viambatisho:
Wasifu wangu, ukurasa 1
Ripoti ya muhula uliopita
Barua ya ridhaa ya wazazi