Swali la Patholojia: Bonge la Damu Kutoka Mguuni Hadi Mapafuni

Swali la 3 (alama 20)

Mama wa miaka 62, mnene, aliteleza bafuni akavunjika shingo ya mfupa wa paja la kushoto. Alifanyiwa upasuaji, akabaki kitandani. Siku ya 6 muuguzi aliandika kwenye faili kwamba shavu la mguu wa kushoto limevimba na linauma. Siku ya 10 alishuka kitandani kwenda msalani, akabanwa pumzi ghafla, akaanguka, akafariki ndani ya dakika 15.

(a) Eleza mambo matatu yanayochochea thrombosi ya vena, ukiyahusisha na mgonjwa huyu. (alama 9)
(b) Fuatilia safari ya bonge kutoka mguuni, ueleze lilivyomuua. (alama 6)
(c) Je, utegemee kukuta infarkti ya pafu kwenye maiti hii? (alama 3)
(d) Utalitofautishaje bonge hili na damu iliyoganda baada ya kifo? (alama 2)

Majibu

(a) Mambo haya matatu huitwa utatu wa Virchow, kwa jina la mwanapatholojia Mjerumani Rudolf Virchow wa karne ya 19.

Kwenye vena, anza na damu kutuama, maana ndiyo yenye uzito mkubwa. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayoisukuma damu ya vena kupanda juu. Mtu akilala siku nyingi, pampu imesimama. Damu hujikusanya kwenye vifuko vilivyo nyuma ya vali za vena. Kwa kawaida chembe sahani husafiri katikati ya mkondo, mbali na ukuta. Mkondo ukizorota, hugusana na endotheliamu, utando wa ndani wa mshipa, vigandishi vilivyokwisha kuamshwa havisombwi, na vizuizi vya kuganda havifiki kwa wingi. Mama huyu alilala siku 10, na unene wake uliongeza tatizo.

La pili ni jeraha la endotheliamu. Endotheliamu nzima huzuia kuganda: hutoa prostasaiklini na oksidi ya nitriki, na ina thrombomodulini inayosaidia kuamsha protini C. Mfupa uliovunjika na upasuaji wa nyonga huumiza vena za jirani. Kolajeni na faktori ya tishu huachwa wazi, na kuganda kunaanza.

La tatu, damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Kwake, jeraha na upasuaji vilitosha: faktori ya tishu iliingia kwenye damu, na ini likaongeza fibrinojeni. Kwa wagonjwa wengine taja saratani, ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na kasoro za kurithi kama Faktori V Leiden, ambayo protini C iliyoamshwa hushindwa kuikatakata inavyopaswa.

Orodha tupu haitakupa alama zote 9. Swali limesema *ukiyahusisha na mgonjwa huyu*.

(b) Bonge la vena hurefuka kuelekea moyoni, na mkia wake huelea bila kushikwa vizuri na ukuta. Mama aliposimama, misuli ikakaza, kipande kikakatika. Kuanzia hapo kinaitwa embolasi. Kilipita vena ya nyuma ya goti, vena ya paja, vena za iliaki, vena kava ya chini, atriamu ya kulia, vali ya trikuspidi, ventrikali ya kulia, vali ya mapafu, kikaingia shina la ateri ya mapafu.

Kwa nini hakikunasa njiani? Kwa sababu kila unapokaribia moyo, vena hupanuka. Mahali pa kwanza mishipa inapoanza kuwa myembamba tena ni mapafuni. Ukikielewa hiki huhitaji kukariri, wala hutaandika kwamba bonge la mguu limekwenda moja kwa moja kwenye ubongo. Hilo huwezekana tu likipata tundu la kuvukia upande wa kushoto wa moyo, kama forameni ovale iliyobaki wazi.

Bonge kubwa lililokaa penye njia panda ya ateri mbili za mapafu huziba karibu mkondo wote. Ventrikali ya kulia, yenye ukuta mwembamba, hutanuka na kushindwa. Upande wa kushoto unakosa damu ya kusukuma, shinikizo linaporomoka.

(c) Hapana. Infarkti, yaani tishu iliyokufa kwa kukosa damu, huhitaji saa kadhaa ili ionekane, na mama huyu alikufa kwa dakika. Isitoshe, pafu hupata damu pia kwa ateri za bronkasi, ndiyo maana emboli ndogo nyingi haziachi infarkti, isipokuwa moyo au mapafu yakiwa tayari dhaifu. Ikitokea, huwa nyekundu, ya umbo la kabari, kitako chake kwenye plura.

(d) Bonge la kweli ni gumu kiasi, hukatika kwa urahisi, na lina mistari ya Zahn: tabaka za chembe sahani na fibrini zikipishana na za seli nyekundu, hata kama kwenye vena ni hafifu. Damu ya baada ya kifo hulegea kama jeli, chini nyekundu iliyokolea, juu njano kama mafuta ya kuku. Usitegemee kushikamana na ukuta: embolasi mpya nayo haijashikamana na ateri ya mapafu. Kata vena za mguu wa kushoto utafute sehemu iliyobaki.